Likizo Inayosogezwa Kila Mara

Bosi anaweza kukunyima likizo ya Desemba na asiwe amevunja sheria yoyote. Wengi hawapendi kulisikia hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikiwa humohumo, ila wa kupanga aende lini ni mwajiri. Anayelalamikia mwezi alionyimwa hana pa kushikia.

Pa kushikia ni kwenye ukomo. Likizo lazima itolewe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Inaweza kusogezwa hadi miezi 12, lakini hapo mambo mawili yawepo pamoja: kazi iwe inalazimu kweli, na mfanyakazi awe ameridhia.

Chukulia mtunza stoo wa Dar es Salaam aliyeajiriwa 1 Machi 2024. Mzunguko wake uliisha 28 Februari 2025. Aliomba Aprili, akaambiwa asubiri mali zihesabiwe. Akakubaliwa Juni, akakata tiketi ya basi la Bukoba, na siku mbili kabla ya safari meneja akampigia simu: mwenzako anaumwa, ahirisha. Inaudhi, lakini mwajiri bado yumo ndani ya muda. Agosti ikiisha bila likizo wala ridhaa, ametoka nje ya sheria.

Kosa kubwa hapo ni kuondoka kwa hasira. Kukosekana kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano za kazi kunaweza kukufukuzisha, na kesi iliyokuwa yako inageuka kuwa ya mwajiri.

Aandike jioni ileile, hata kwa ujumbe wa simu: “Nimepokea maelekezo yako ya kuahirisha likizo iliyoidhinishwa. Muda wangu wa kuitumia unaisha 31 Agosti. Naomba nianze 7 Julai au 21 Julai, na nimeambatanisha tiketi nikiomba nirejeshewe nauli. Funguo na daftari la stoo nitamkabidhi msaidizi.” Hakuna lawama humo, kuna tarehe mbili, ukomo, na jibu la swali analoliogopa kila meneja, yaani nani atashika kazi. Simu iliyopigwa nayo sasa ina maandishi yake.

Akiletewa fomu ya kuahirisha, asome kabla ya kusaini. “Nimekubali” ndiyo ridhaa inayomwongezea mwajiri nusu mwaka. Kama hakubali, aandike “nimepokea, sijaridhia” kisha asaini.

Akinyamaziwa, alipeleke kwa ofisa utumishi, halafu tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Yakishindikana, afungue mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Fomu Namba 1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro uzuke. Wakili si lazima. Kwa mtunza stoo wetu, akihesabu kuanzia 31 Agosti, asiiache Oktoba iishe.