Transista inayojichoma

Amplifaya ya ukumbini inaweza kuungua bila wimbo wowote kupigwa. Imewashwa tu na spika ziko kimya, lakini transista za kutoa sauti zinazidi kupata moto, mpaka mojawapo inapiga shoti na fyuzi inakatika.

Transista hizo haziachwi zimezima kabisa hata pasipo muziki. Hupitishiwa mkondo mdogo wa kusubiri, la sivyo sauti hukwaruza kila wimbi linapovuka sifuri. Mkondo huo unatokana na volteji ya takriban volti 0.6 kati ya beisi na emita, na hapo ndipo penye hatari. Transista ikipata joto zaidi kwa nyuzi 1 tu, inahitaji milivolti 2 pungufu ili kupitisha mkondo uleule. Volteji isipopunguzwa, mkondo hupanda kwa karibu asilimia 8.

Tuchukue 2N3055, transista ambayo mafundi wengi wanaijua, ikiwa na volti 35 na mkondo wa kusubiri wa miliampia 100. Inazalisha wati 3.5 za joto. Tuseme imefungwa kwenye bati la kupozea kiasi kwamba kila wati 1 huiongezea nyuzi 4. Ikipanda nyuzi 1, mkondo unaongezeka kwa karibu miliampia 8, yaani wati 0.27, na wati hizo zinaleta nyuzi 1.1 nyingine. Nyuzi moja imezaa zaidi ya moja! Mzunguko huo haukomi wenyewe.

Sasa fundi anaweka rezista ya omu 0.22 kwenye emita. Mkondo ukipanda, volteji juu ya rezista inapanda pia, na beisi inabakiwa na kidogo cha kuisukuma transista. Nyuzi 1 sasa inaongeza miliampia 4 hivi, ambazo zinarudisha nyuzi 0.6 tu. Nyongeza inayofuata ni ndogo zaidi, kisha ndogo tena, na joto linatulia.

Rezista kubwa zaidi ingetuliza zaidi, lakini ingekula nguvu: mkondo wa ampia 5 hupoteza volti 1.1 hata kwenye hii ndogo. Nayo peke yake haitoshi. Mkondo wa kusubiri ukiachwa ufike miliampia 400 hivi, hesabu ya nyuzi inapita 1 tena. Ndiyo maana amplifaya nzuri huwa na transista nyingine ndogo iliyofungwa kwenye bati lilelile, ambayo hupunguza volteji ya beisi bati linapopata moto.

Rezista hiyohiyo ndiyo pa kupimia. Zima muziki, weka mita juu yake: milivolti 22 ni miliampia 100. Pima tena baada ya nusu saa. Namba ikiwa bado inapanda bila kusimama, zima amplifaya na ukague bati la kupozea kabla ya kubadilisha transista yoyote.