Kompyuta Iliyoamini Bahati

Chukua benki mbili ambazo hisa zake zinauzwa katika soko moja. Zinakopesha wateja wa aina moja, zinabanwa na riba ileile ya benki kuu, na bei za hisa zake hupanda na kushuka karibu pamoja. Tuseme ukweli wake, ambao hakuna binadamu anayeuona, ni huu: kila hisa humpa mwekezaji wastani wa asilimia 8 kwa mwaka juu ya faida ya dhamana za serikali za muda mfupi. Kila moja huyumba kwa kiwango cha asilimia 20 kwa mwaka. Uwiano wa mienendo yao ni 0.9, na 1 ndiyo ingekuwa na maana kwamba hazitengani kabisa. Mtu aliyefunuliwa hayo hana cha kuumizia kichwa. Ataweka nusu huku na nusu kule.

Mchambuzi wa mfuko wa uwekezaji hajafunuliwa chochote. Alichonacho ni bei za miaka 10 iliyopita. Anatafuta wastani na kukuta kwamba benki ya kwanza ilitoa asilimia 9, ya pili asilimia 7. Kuyumba kwa bei na uwiano wake, tumpe bahati, amevipata sawasawa. Anaingiza tarakimu hizo katika programu ya kutafuta mgawanyo bora wa fedha, na jibu linarudi: weka asilimia 169 ya mtaji katika benki ya kwanza na hasi 69 katika ya pili. Maana yake ni kwamba akope hisa za benki ya pili, aziuze, kisha fedha atakazopata azirundike kwenye ya kwanza juu ya mtaji wake wote.

Programu haijakosea. Mwenye kalamu na karatasi atafika palepale. Hisa mbili zikiwa zinayumba sawa, fungu la kila moja hufuata faida yake ukitoa faida ya mwenzake iliyozidishwa kwa uwiano. Kwa benki ya kwanza ni 9 kutoa 6.3, yaani 2.7. Kwa ya pili ni 7 kutoa 8.1, yaani hasi 1.1. Jumla ni 1.6, na ukigawanya kila fungu kwa jumla hiyo unapata mgawanyo uleule wa ajabu. Hesabu inajiambia hivi: hizi hisa mbili ni kama kitu kimoja, na moja inalipa zaidi, basi nunua inayolipa na uuze isiyolipa, kwa kuwa hatari zake zitafutana.

Sasa tazama kinachofuata fedha zikishawekwa. Kwenye karatasi kapu hilo liliahidi asilimia 10.4 kwa mwaka. Kwa kuwa ukweli wa benki zote mbili ni asilimia 8, kapu litatoa wastani wa asilimia 8 tu, sawa na kugawa nusu kwa nusu. Tofauti ni kwamba nusu kwa nusu ingeyumba kwa asilimia 19.5, ilhali kapu “bora” linayumba kwa 22.2. Mwekezaji amebeba hatari zaidi asiyolipwa hata senti, na bado hatujahesabu ada za madalali na gharama ya kukopa hisa.

Njia aliyoitumia mchambuzi huyo ina heshima kubwa. Harry Markowitz aliichapisha mwaka 1952 katika makala kuhusu uteuzi wa vitega uchumi, na mwaka 1990 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Merton Miller na William Sharpe. Aliwafundisha watu wa fedha kwamba hisa haipimwi peke yake. Inapimwa kwa jinsi inavyoendana na zile ilizowekwa nazo kapu moja. Hilo halijatenguka mpaka leo. Ugumu uko kwenye neno moja ambalo fomula inalichukulia kama limeshatimia: ujue wastani wa faida ijayo, ujue mtawanyo wake, ujue uwiano. Katika maisha hujui. Unakadiria.

Tena makadirio hayo yana udhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Hisa inayoyumba kwa asilimia 20 kwa mwaka, ikipimwa kwa miaka 10, wastani wake unaweza kupotoka kwa kama asilimia 6.3 juu au chini bila jambo lolote geni kutokea. Ili upotofu huo wa kawaida ushuke hadi asilimia 2, unahitaji miaka 100 ya takwimu, na umwombe Mungu kampuni isibadilike katika karne hiyo. Kwa benki zetu mbili, kwa kuwa zinaendana, pengo kati ya wastani wao hupimika vizuri kidogo. Hata hivyo, katika miaka 10 pengo la asilimia 2 au zaidi litazuka kwa bahati tupu karibu mara moja katika kila mara mbili. Mchambuzi wetu hakupatwa na mkosi wa nadra. Alipatwa na jambo la kila siku.

Wengi hapo hukimbilia takwimu za kila siku badala ya za kila mwezi, wakidhani wingi wa tarakimu utawaokoa. Robert Merton alieleza mwaka 1980 kwa nini hauwaokoi. Ukiacha gawio kando, ukuaji wa wastani wa bei kwa miaka 10 unatokana na bei mbili tu, ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho. Maelfu ya bei za katikati hayaongezi kitu. Yanasaidia sana kupima jinsi bei inavyoyumba, ila wastani wa faida hujulikana kwa kupita kwa miaka tu. Ndiyo sababu Vijay Chopra na William Ziemba, mwaka 1993, walionyesha kwamba kosa katika wastani wa faida humgharimu mwekezaji takribani mara kumi ya kosa la ukubwa uleule katika mtawanyo.

Kama makosa haya yangesambaa ovyo, mengine yakipandisha na mengine yakishusha, huenda yangefutana. Hayafutani, kwa sababu anayechagua hachagui ovyo. Ukiwa na hisa 50, baadhi zitakuwa zimekadiriwa juu kupita haki yake na nyingine chini. Fomula inatafuta zenye faida kubwa, hatari ndogo na uwiano mdogo na wenzake, na hizo ndizo hasa ambazo makosa yamezipamba. Richard Michaud alizipa programu hizi jina la vikuza makosa mwaka 1989, na jina hilo limezigandia. Kwa hiyo kapu lililoboreshwa hukatisha tamaa kwa mpangilio, si kwa ajali. Lilichaguliwa kwa sababu lilionekana zuri, na sehemu ya uzuri huo ilikuwa bahati ambayo haina sababu ya kurudi.

Uwiano nao una mitego yake. Hisa 50 zina uwiano wa jozi 1,225 wa kukadiria. Mtu akichukua hisa 100 na takwimu za miezi 60, hisabati inahakikisha kwamba kuna mchanganyiko ambao katika miezi hiyo 60 haukuyumba hata chembe. Programu itaukuta na kuushangilia kama kapu lisilo na hatari. Mwezi wa 61 utayumba.

Masoko yetu madogo, Nairobi na Dar es Salaam, yanaongeza mtego mwingine. Kuna hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuuzwa, na bei yake inabaki palepale. Bei isiyosogea huonekana tulivu na isiyofuatana na nyingine, na programu inaipenda mno. Utulivu wenyewe ni wa soko lililolala: siku mwenye hisa anataka kuuza, ndipo anagundua hakuna mnunuzi kwa bei ile.

Wakosoaji walipata silaha kali mwaka 2009. Victor DeMiguel, Lorenzo Garlappi na Raman Uppal walipima mbinu 14 za kugawa fedha kwa makundi 7 ya takwimu, wakizishindanisha na kanuni ambayo hata mtoto anaiweza, yaani kugawa sawa kwa kila hisa. Hakuna mbinu iliyoishinda kanuni hiyo kila mahali kwa takwimu ambazo haikuziona wakati wa kukadiria. Kwa masoko yanayofanana na la Marekani walikadiria kwamba kapu la vitega uchumi 25 linahitaji takribani miezi 3,000 ya takwimu ndipo fomula ishinde mgao sawa. Hiyo ni miaka 250. Markowitz mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa kijana akipanga akiba yake ya uzeeni, hakupiga hesabu yake maarufu. Aligawa nusu hisa, nusu hatifungani, asije akajuta soko likienda upande wowote.

Ila mgao sawa nao si dawa ya yote. Unategemea nani ameandika orodha: benki zikiwa nane kati ya hisa kumi, umegawa sawa na bado umenunua benki. Wapo pia watafiti waliojibu kwamba fomula ilipewa wastani wa miaka michache usioaminika, kisha ikalaumiwa kwa kuuamini. Nao wana hoja.

Wanaoendelea kuitumia huanza kwa kuifunga mikono. Wanaizuia kuuza hisa za kukopa, na kwa benki zetu katazo hilo pekee linashusha 169 hadi 100. Bado ni kuegemea upande mmoja, lakini hasara imepungua. Kisha wanavuta makadirio kuelekea kati. Wastani wa 9 na 7, ukivutwa robo tatu ya njia kuelekea 8, unakuwa 8.25 na 7.75, na fomula ileile inatoa takribani asilimia 80 na 20. Olivier Ledoit na Michael Wolf waliufanyia uwiano na mtawanyo kazi ya namna hiyo. Fischer Black na Robert Litterman, wakiwa Goldman Sachs mwaka 1990, walipita njia nyingine: walianza na faida ambazo mgao wa soko zima unazidokeza, wakasogeza kutoka hapo kwa kadiri tu ya imani waliyonayo katika maoni yao.

Ukiletewa kapu lililopangwa kwa kompyuta, mwombe aliyelipanga mambo mawili kabla ya kutia saini. Akate takwimu zake katikati, apange kapu kwa miaka ya mwanzo peke yake, na akuonyeshe lilivyofanya katika miaka ya mwisho baada ya kutoa gharama. Halafu apunguze nusu asilimia katika faida aliyoitabiri kwa hisa yake kubwa kuliko zote, aipige hesabu upya mbele yako. Mgawanyo ukipinduka kwa badiliko dogo kiasi hicho, usitie saini.