Mistari michache ya mtafiti ambaye bado yuko shambani

Kitabu cha kongamano huchapwa mapema, na wasifu wa wazungumzaji huombwa mapema zaidi, aghalabu pamoja na ikisiri. Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hujieleza kwa maneno 50 hadi 100 wakati nusu ya takwimu zake hazijakusanywa. Hapo ndipo chumvi huanza kuongezwa.

Tumbuni Asha, anayetafiti kilimo cha mwani Unguja. Rasimu yake ya kwanza inasema: “Dkt. mtarajiwa Asha ni mtaalamu mbobezi wa uchumi wa buluu. Utafiti wake umethibitisha kuwa joto la bahari linaangamiza kilimo cha mwani. Ameandika makala kadhaa.” Hatujui anauliza nini wala anafanyaje kazi. Hiyo “Dkt. mtarajiwa” ndiyo mbaya kuliko yote: mwenyekiti wa kikao akisoma harakaharaka atamwita Daktari, na Asha atalazimika kumsahihisha mbele ya ukumbi.

Msimamizi wake anamrudisha kwenye swali. Sasa anaandika:

“Asha ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa shahada ya uzamivu katika sayansi ya bahari. Anachunguza kwa nini baadhi ya wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wamehamia maji ya kina kirefu na wengine wamebaki karibu na ufuo. Anawahoji wakulima na kupima joto la maji mashambani mwao. Kati ya wakulima 24 wa karibu na ufuo aliowahoji mpaka sasa, 17 wanasema wangehama kama wangekuwa na mashua au wangejua kuogelea. Vipimo vya joto bado vinaendelea.”

Angalia sentensi mbili za mwisho. Ile 17 imewekwa kando ya 24, kwa hiyo msomaji anaona mwenyewe udogo wa sampuli. Kitenzi ni “wanasema”, maana mahojiano huonyesha sababu ambazo watu wanazitaja, hayathibitishi kilichowazuia. Joto, ambalo rasimu ya kwanza ililitia hatiani, halijatolewa hukumu kwa sababu vipimo havijakamilika.

Zile “makala kadhaa” zimeondoka. Alikuwa na moja, na bado iko kwa wahakiki. Angeweza kuitaja kwa kusema tu kwamba inahakikiwa, lakini kuweka jina la jarida kungeifanya ionekane imekubaliwa. Pia hajajiita mtahiniwa wa uzamivu, kwani katika vyuo vingi hadhi hiyo hupatikana baada ya kupita mtihani au kutetea pendekezo la utafiti, na yeye bado anasubiri barua ya chuo.

Barua ikifika kabla kitabu hakijaenda mtamboni, atawaandikia waandaaji wabadilishe maneno mawili, na ile 24 pia kama mahojiano yameongezeka.