Shamba la Ekari Mbili: Swali la Mtihani Ambalo Jibu Lake Liko Shambani

Wanafunzi wanaosoma somo la Kilimo katika shule za upili hukutana na maswali ya hesabu ya mbolea na ya mzunguko wa mazao katika mtihani wa KCSE. Mtihani huo huandikwa kwa Kiingereza, lakini shamba linaloulizwa ni lile lile ambalo wazazi wao hulilima. Makala haya yanachukua mfano wa swali la aina hiyo, kwa shamba dogo lililo karibu na Malaba, na kulijibu hatua kwa hatua.

Swali lenyewe

Mkulima ana ekari mbili. Ekari moja na nusu iko juu ya mteremko, na udongo wake ni mwekundu wenye mchanga mwingi. Nusu ekari iliyobaki iko chini, karibu na kijito. Udongo wa huko ni mweusi, hunata, na maji husimama wakati wa mvua ndefu. Kwa miaka sita mkulima amepanda mahindi sehemu ya juu kila msimu, akitumia DAP peke yake. Mavuno yamepungua mwaka baada ya mwaka. Mahindi machanga yana kingo za zambarau kwenye majani, na gugu lenye maua ya rangi ya waridi limeenea. Mkulima afanye nini?

Wengi hujibu haraka kwamba aongeze mbolea. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mkulima huyu amekuwa akitia mbolea miaka yote sita. Kuna mambo matatu ya kufuata kwa mpangilio: kwanza udongo, kisha mzunguko wa mazao, na mwisho mbolea.

Kuutambua udongo

Chukua udongo kiasi cha kujaa kiganja, utie maji kidogo, kisha uuviringe uwe kama kamba. Udongo wa kichanga hauviringiki, unamomonyoka mkononi. Udongo wa mfinyanzi huwa kamba ndefu unayoweza kuipinda ikawa pete bila kukatika. Udongo tifutifu huwa kamba, lakini hukatika unapoipinda.

Tofauti hiyo huonyesha jinsi maji na chakula cha mimea vinavyokaa ardhini. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi, na mvua kubwa huteremsha naitrojeni chini ya mizizi. Kwa hivyo mbolea nyingi ikitiwa kwa mara moja katika sehemu ya juu, nyingine hupotea kabla ya mahindi kuifikia. Udongo wa mfinyanzi hushika chakula vizuri, lakini maji yakisimama mizizi hukosa hewa na mahindi hugeuka manjano hata kama mbolea ipo.

Kuna jambo la pili ambalo mkono hauwezi kulipima, nalo ni asidi. Udongo wa maeneo mengi ya Magharibi mwa Kenya una asidi. Kipimo chake, pH, kikishuka chini ya 5.5, madini ya chuma na alumini huikamata fosforasi na mimea huikosa. Ndiyo sababu kingo za majani ya mahindi yale ni za zambarau ingawa DAP ina fosforasi tele. Isitoshe, naitrojeni ya DAP ni ya aina ya amonia, na viini vya udongoni vinapoigeuza huacha asidi. Ikitumika msimu baada ya msimu bila chokaa, katika udongo wa kichanga ambao hauna kinga kubwa dhidi ya asidi, mbolea hiyo huzidisha tatizo ambalo mkulima anadhani inalitibu.

Gugu lenye maua ya waridi

Gugu hilo ni striga, ambalo wakulima wengi wa Magharibi huliita kayongo. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja huweza kutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Mbegu huota inapohisi majimaji yanayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, kisha hujishika kwenye mzizi na kunyonya. Dalili yake ni mahindi kudumaa na kunyauka hata baada ya mvua. Kufikia wakati gugu linapochomoza juu ya ardhi, madhara mengi yamekwisha kufanyika.

Soya na njugu karanga pia huiamsha mbegu ya striga, lakini gugu haliwezi kuishi kwenye mizizi ya mimea hiyo. Linaota, linakosa pa kunyonya, na linakufa. Kwa hivyo kila msimu wa soya au karanga hupunguza akiba ya mbegu iliyo ardhini. Msimu mmoja hauimalizi. Gugu linalochomoza baadaye katika mahindi ling'olewe kabla ya kutoa maua.

Mpango wa mzunguko

Sehemu ya juu igawanywe vipande vitatu vya nusu ekari. Katika mwaka wa kwanza, kipande cha kwanza kipandwe njugu karanga wakati wa mvua ndefu na soya wakati wa mvua fupi. Kipande cha pili kipandwe mahindi wakati wa mvua ndefu na maharagwe wakati wa mvua fupi. Kipande cha tatu kipandwe muhogo mwaka mzima. Mwaka unaofuata, mahindi yahamie palipokuwa na karanga na soya, muhogo uhamie palipokuwa na mahindi, na karanga na soya zihamie palipotoka muhogo. Baada ya miaka mitatu kila kipande kitakuwa kimepita hatua zote.

Katika mtihani, mpangilio bila sababu hupoteza alama. Mahindi hufuata jamii ya kunde kwa sababu mimea hiyo huacha naitrojeni ardhini, mradi majani na mizizi yake isichomwe. Muhogo huwekwa mwisho kwa sababu huvumilia udongo uliochoka na wenye asidi, na striga haiushambulii. Njugu karanga zinafaa sehemu ya juu kwa sababu udongo wa kichanga huachia maganda yakitoka mazima. Katika mfinyanzi mzito nyingi hubaki ardhini wakati wa kung'oa.

Nusu ekari ya chini isiingizwe katika mzunguko huo. Wakati wa mvua ndefu inafaa nduma, na maji yanapopungua inafaa sukuma wiki na mboga nyingine kwenye matuta yenye mitaro.

Mpango huu una gharama yake. Mahindi yatashuka kutoka ekari moja na nusu hadi nusu ekari kila msimu wa mvua ndefu, na familia lazima iwe tayari kula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, au kuuza karanga na soya ili kununua mahindi. Familia isiyoweza hivyo inaweza kuacha muhogo kwa mwaka mmoja na kupanda mahindi vipande viwili, ila isirudishe mahindi mahali pale pale misimu miwili mfululizo. Vipando vya muhogo navyo vitoke katika shamba lisilo na batobato wala michirizi ya kahawia, la sivyo ugonjwa utazunguka pamoja na mazao. Kituo cha KALRO cha Alupe, hapa Busia, hufanya utafiti wa zao hilo.

Hesabu ya mbolea

Nambari tatu kwenye gunia huonyesha asilimia ya naitrojeni, fosforasi (P2O5) na potasiamu (K2O), kwa mpangilio huo. DAP ni 18:46:0. TSP ni 0:46:0. Ile inayoitwa "17 mara tatu" ni 17:17:17. CAN huwa na naitrojeni takriban asilimia 26.

Tuseme swali linataka kilo 60 za P2O5 kwa hekta. Nusu ekari ni takriban hekta 0.2, kwa hivyo zinahitajika kilo 12. Ukigawanya 12 kwa 0.46 unapata kilo 26 za TSP au DAP. Ukigawanya 12 kwa 0.17 unapata karibu kilo 71 za 17:17:17. Basi anayelinganisha bei za magunia bila kusoma nambari anaweza kununua gunia la bei nafuu na kuishia kutumia pesa nyingi zaidi kwa fosforasi ile ile.

Kwa mahindi ya shamba hili, jibu lenye nguvu ni TSP pamoja na samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa TSP haiongezi asidi ya amonia. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, nusu ekari ina mashimo takriban 5,300. Kilo 26 zikigawanywa hapo ni gramu 5 kwa shimo, karibu kijiko kimoja cha chai. Mbolea ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu ili isiiunguze.

Kwa kukuzia, tuseme swali linataka kilo 60 za naitrojeni kwa hekta. Nusu ekari itahitaji kilo 12, sawa na kilo 46 za CAN. Kwa kuwa udongo ni wa kichanga, itiwe mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, na nusu iliyobaki kabla ya kutoa mbelewele. Karanga na soya hazihitaji CAN. Zikipewa naitrojeni nyingi huota majani na kuacha kujitengenezea yake. Hizo zipewe TSP.

Chokaa huja kwanza

Chokaa ya kilimo huchanganywa na udongo wa juu, kina cha sentimita 15 hivi, wiki tatu au nne kabla ya kupanda. Hapa ianzie kipande cha karanga, kwa kuwa kalisiamu yake pia huzuia maganda matupu. Isichanganywe na DAP, CAN au samadi kwa wakati mmoja, kwani naitrojeni itapotea hewani. Kiasi hutegemea kipimo cha udongo, na udongo wa kichanga huhitaji chokaa kidogo kuliko mfinyanzi. Ikizidi, mimea hukosa zinki na madini mengine madogo.

Kupata sampuli ya kupima, chimba sehemu 10 hadi 15 ukizunguka kipande kwa zigizagi, kina cha sentimita 20. Epuka kichuguu, njia, kivuli cha mti na mahali palipokaa samadi. Changanya udongo huo kwenye ndoo safi na utoe nusu kilo. Sehemu ya juu na ya chini ziwe na sampuli tofauti, kila moja na jina lake. Fanya hivyo kabla ya kutia mbolea yoyote ya msimu, kisha umwone afisa wa kilimo wa wadi yako akuelekeze pa kuipeleka.