Mwiba Uko Wapi?

Baiskeli ikipata pancha pande za Bahi, Dodoma, mshukiwa wa kwanza ni mwiba wa mgunga. Majuzi nilimkuta kijana kando ya barabara ya vumbi akiziba tyubu ileile mara ya pili ndani ya nusu saa. Kiraka chake cha kwanza kilikuwa kimeshika barabara. Mwiba ndio ulikuwa bado umo ndani ya tairi.

Tulianza upya. Kabla ya kutoa chochote tuliweka alama ubavuni mwa tairi, mkabala na valvu. Tulitoa upepo wote, tukaminya tairi kuzunguka ringi ili kingo zake zishukie kwenye bonde la katikati, maana hapo ndipo tairi hulegea. Chuma cha kwanza cha kubandulia kiliingia upande ulio mbali na valvu, cha pili kando yake. Ukingo mmoja tu ukitoka, tyubu inatoka.

Maji hayakuwepo. Tulijaza tyubu hadi ikanenepa, akaipitisha karibu na midomo yake iliyolowa, ambayo huhisi hata upepo ambao sikio halisikii. Tundu lilikuwa shubiri mbili kutoka kwenye valvu. Tukapima shubiri mbili kwenye tairi kuanzia kwenye ile alama, kulia na kushoto, kwa sababu tyubu huenda iligeuzwa. Tukapitisha kitambaa ndani ya tairi, na kushoto kikanasa. Ncha ilikuwa imekatikia ndani ya mpira, kwa nje haionekani. Usipapase kwa kidole.

Kama tungekuta matundu mawili sambamba, tusingetafuta mwiba: hayo ni meno ya ringi, tyubu ilibanwa kwenye jiwe kwa kukosa upepo. Tundu la upande wa ndani, unaolalia ringi, humshtaki spoku.

Kwenye gundi ndipo wengi huharakisha. Piga msasa eneo linalozidi kiraka, mshono wa tyubu usawazike. Paka gundi nyembamba, kisha subiri kama dakika 5 mpaka iache kung'aa. Ikiwa mbichi, kiraka huteleza na upepo hupenya pembeni. Ikikauka, bandika na ukandamize kuanzia katikati.

Wakati wa kurudisha, tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje, upake vumbi laini kuzunguka kiraka isigande kwenye tairi. Rudisha ukingo kwa vidole gumba, umalizie kwenye valvu. Chuma hapa hubana tyubu na kuitoboa upya, pancha ya kujitakia hiyo. Sukuma valvu juu kidogo kabla ya kujaza, kuhakikisha tyubu haijakaliwa na ukingo.

Pampu yake ilikuwa ndogo, ikapata moto, tukapumzika mara tatu. Nyuma kulikuwa na gunia la mkaa, kwa hiyo hatukuacha mpaka kidole gumba kikashindwa kulibonyeza lile tairi.