Mdomo Mpana Kuliko Jiko: Namna ya Kuchagua Kivuta Moshi cha Jikoni

Changu akitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, kinachopanda juu ya karai si moshi peke yake. Kuna mvuke wa maji yanayotoka ndani ya samaki, kuna vitone vya mafuta vidogo kiasi cha kuelea hewani, na kama jiko ni la gesi, kuna pia hewa chafu inayozaliwa na moto wenyewe. Vyote hivyo hubebwa na joto kwenda juu katika mkondo mmoja, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyotanuka. Mkondo uliotoka kwenye karai la sentimita 30 ukifika karibu na kabati la juu huwa umeshakuwa mpana zaidi ya karai. Kazi ya kivuta moshi ni kuupokea mkondo huo wote kabla haujamwagika pembeni.

Nimeanza na mkondo kwa sababu wanunuzi wengi huanza na namba. Kwenye boksi pameandikwa 1000 m³/h, yaani mita za ujazo 1,000 za hewa kwa saa, na mtu anaamini namba hiyo itamaliza kila kitu. Lakini feni huvuta hewa iliyo karibu na mdomo wake. Ukisogea sentimita chache nje ya mdomo huo, nguvu ya mvuto hushuka haraka sana, na moshi uliokwisha kupita ukingo haurudi nyuma. Kwa hiyo mashine yenye mdomo mwembamba, hata ikiwa na mota kali, itavuta hewa safi ya jikoni huku moshi ukienda zake sebuleni.

Kipimo cha kwanza, basi, ni upana. Kuka nyingi za majumbani kwetu zina upana wa sentimita 50, 60 au 90. Kivuta moshi kisipungue upana wa jiko, na kwa nyumba inayokaanga mara kwa mara kizidi kidogo, kiasi cha sentimita saba au nane kila upande. Jiko la sentimita 60 likifungiwa kivuta moshi cha 90, ni ununuzi mzuri kama ukuta una nafasi. Kinyume chake sikishauri hata kidogo: kivuta moshi cha 60 juu ya jiko la 90 huziacha pleti za pembeni bila kinga yoyote, na mara nyingi pleti kubwa ya biriani ni mojawapo ya hizo.

Watu husahau kwamba jiko lina kina pia, yaani umbali kutoka ukutani hadi mbele, ambao aghalabu ni sentimita 60. Mpishi hukaangia pleti za mbele kwa kuwa ndizo anazozifikia, na moshi wa mbele ndio mgumu kushikwa. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko California walipima vivuta moshi vilivyokuwa vikitumika katika nyumba za watu, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012, uwezo wa kunasa uchafu ulianzia chini ya asilimia 15 hadi kuzidi asilimia 98. Pleti za nyuma zilihudumiwa vizuri zaidi kuliko za mbele. Kwa hiyo dukani chukua futi kamba, pima kutoka mgongo wa mashine hadi ukingo wake wa mbele. Ikifika sentimita 50 au zaidi, itafunika sehemu kubwa ya pleti za mbele. Ikiwa ni 30 tu, ujue imekusudiwa kuchemsha chai na wali.

Hapo ndipo aina za mashine zinapoanza kutengana. Ile bapa inayofichwa chini ya kabati, yenye sehemu ya kuvuta mbele kama droo, inafaa jiko dogo lisilokaanga sana, mradi mpishi akumbuke kuivuta. Ile ya kioo kilichoinama inapendeza kwa macho, lakini haina uvungu: moshi ukifumuka ghafla, hugonga kioo, ukateleza na kumwagika juu. Kwa samaki, chapati na vitunguu vya biriani, chaguo langu ni ile ya ukutani yenye umbo la kofia na bomba lake la wima, yenye uvungu wa kweli chini yake. Uvungu huo huuhifadhi moshi kwa sekunde chache wakati feni inaendelea kuumaliza. Machujio yake yawe ya vipande vya chuma cha pua vilivyopishana, ambavyo huilazimisha hewa ikate kona na kuacha mafuta yakidondoka kwenye kijimfereji. Chujio la wavu wa alumini hufanya kazi pia, ila huziba mapema, na ukikaanga kila siku utalazimika kulilowesha kwenye maji moto yenye sabuni kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kuna aina moja ambayo sipendi kuona ikiuzwa kwa wakaangaji: ile isiyotoa hewa nje, bali huipitisha kwenye chujio la makaa na kuirudisha jikoni. Makaa hupunguza harufu, nayo huchoka baada ya miezi kadhaa na kuhitaji kubadilishwa. Mvuke hauzuiwi, joto haliondoki, na gesi ya sumu inayotokana na moto usiowaka vizuri hupita kama ilivyoingia. Kama jengo haliruhusu kabisa kutoboa ukuta, heri feni ya dirishani inayotoa hewa nje.

Upana ukishapatikana, ndipo tuhesabu hewa. Kanuni ya kuanzia kwa jiko lililoegemea ukuta ni mita za ujazo 170 kwa saa kwa kila sentimita 30 za upana wa jiko. Jiko la katikati ya chumba, lisilo na ukuta nyuma, liongezewe nusu ya hapo, kwa kuwa moshi wake unaweza kukimbia pande zote. Kwa gesi kuna kanuni ya pili: kila kilowati ya moto ihesabiwe kama mita za ujazo 58 kwa saa. Kilowati za kila pleti zimeandikwa kwenye kitabu cha jiko. Fanya hesabu zote mbili, kisha chukua kubwa.

Tuchukue ghorofa la Upanga, Dar es Salaam. Jiko ni la gesi, pleti tano, upana sentimita 90. Pleti mbili za kati zina kilowati 1.75 kila moja, ndogo ina 1, kubwa ina 3, na ile ya karai ina 3.8. Kwa kanuni ya upana, 90 ni 30 mara tatu, hivyo tunapata mita za ujazo 510. Kwa kanuni ya moto, jumla ni kilowati 11.3, nazo zinatupa kama 655. Wapo mafundi wanaohesabu kwa ukubwa wa chumba, kubadilisha hewa yote mara 12 kwa saa. Chumba chetu ni mita 3 kwa 2.6, dari mita 2.8, kwa hiyo kina takriban mita za ujazo 22, na jibu lao litakuwa 262. Hesabu hiyo humdanganya kila mwenye chumba kidogo, kwa kuwa karai halijui chumba kina ukubwa gani. Tunabaki na ile 655, tuiite 650.

Je, tununue mashine iliyoandikwa 650? Hapana. Namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa mashine ikiwa haijafungiwa bomba lenye kazi ya kufanya, tena feni ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa ambayo kelele yake hakuna anayeivumilia kwa nusu saa. Mtu akichoshwa na kelele huizima, na mashine iliyozimwa haina faida. Kwa nyumba hii ningechukua ya 900 hadi 1,000, ili kasi ya pili au ya tatu itupe kiasi tunachokitaka.

Halafu inakuja sehemu ambayo mashine nyingi nzuri huharibikiwa, nayo ni bomba. Fundi ana bomba la kujikunja la milimita 100, kwa hiyo analibana kwenye tundu la milimita 150 na kuendelea na kazi. Ukijaribu kupitisha mita za ujazo 650 kwenye bomba la 150, hewa husafiri kama mita 10 kwa sekunde, kasi ambayo mashine inaiweza. Kwenye bomba la 100 ingelazimika kusafiri mita 23 kwa sekunde, na msuguano unakuwa zaidi ya mara saba. Mota haina nguvu hiyo, kwa hiyo inachofanya ni kupiga kelele nyingi na kutoa hewa kidogo. Mlie fundi ngumu: bomba liwe na kipenyo sawa na tundu la mashine mwanzo hadi mwisho, liwe la bati laini ndani, na kona ziwe chache. Kona moja kali ya nyuzi 90 inaweza kugharimu sawa na mita mbili au tatu za bomba lililonyooka. Yale mabomba yenye mikunjo huongeza msuguano, na mafuta hujikusanya katika kila kunjo, jambo la hatari moto ukipanda.

Tundu la nje nalo lina lake. Pwani yetu ina kusi na kaskazi, na ukuta unaotazama kusini-mashariki utapigwa na upepo miezi mingi ya katikati ya mwaka. Bomba likitokea hapo bila kizuizi, upepo huirudisha harufu ya jana jikoni. Tafuta ukuta uliojificha, au funga kifuniko chenye vipande vinavyojifunga vyenyewe feni ikizimwa.

Urefu wa kufunga soma kwenye kitabu cha mashine yako. Kwa gesi, mengi hutaka kati ya sentimita 65 na 75 juu ya jiko. Chini ya hapo ni hatari ya moto kushika mafuta yaliyo kwenye chujio, na juu zaidi mkondo unapata nafasi ya kutawanyika. Jiko la mkaa au la mishkaki lisiwekwe chini ya mashine hii hata siku moja. Cheche zinaruka, na sumu ya mkaa uliofifia haipandi kwa nguvu ya kutosha kunaswa.

Mafundi hupenda kuonyesha kazi yao kwa kubandika karatasi kwenye chujio. Karatasi ikishika, wanasema mashine iko sawa. Jaribio hilo linathibitisha mvuto ulio kwenye chujio tu. Jaribio la kweli ni hili: chemsha sufuria ya maji kwenye pleti ya mbele, washa mashine kwa kasi unayotarajia kuitumia, kisha shika kijiti cha udi kando ya sufuria, upande wako. Moshi wa udi ukipanda wote na kuingia chini ya kofia, umefaulu. Ukijikunja na kupita mbele ya ukingo, kwanza zima feni ya dari na ufunge dirisha lililo ubavuni mwa jiko, kwa sababu upepo wa pembeni huusukuma mkondo nje. Jaribu tena. Ukiona mashine inanguruma na moshi hausogei, fungua mlango au dirisha la upande wa pili wa nyumba. Mita za ujazo 650 zinazotoka kila saa lazima zipate pa kuingilia, na nyumba iliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi haina njia hiyo. Kama bado moshi unamwagika baada ya hayo yote, mwite fundi apime kipenyo cha bomba kabla hujafikiria kununua mashine nyingine.