Siku Hisa Inapouzwa Bila Gawio

Ijumaa tarehe 12 Novemba 2004, hisa moja ya Microsoft ilifunga siku kwenye soko la Nasdaq, Marekani, ikiwa na bei ya dola 29.97. Jumatatu iliyofuata ilifunga kwa dola 27.39. Aliyetazama bei peke yake angedhani kampuni imepata pigo. Kumbe Jumatatu hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya hisa hiyo kuuzwa bila gawio, na gawio lenyewe lilikuwa kubwa kupita kawaida: dola 3 za gawio maalumu, pamoja na senti 8 za gawio la kila robo mwaka.

Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba watakaolipwa ni wale ambao majina yao yangekuwa kwenye daftari la wanahisa Jumatano tarehe 17 Novemba. Wengi wakisoma tangazo la namna hii hudhani wanaweza kununua hata siku moja kabla ya daftari kufungwa. Hapo ndipo wanapokosa. Ukinunua hisa leo, jina lako haliingii kwenye daftari leo; linaingia malipo na umiliki vikishakamilishwa. Wakati huo Marekani kazi hiyo ilichukua siku 3 za kazi. Aliyenunua Ijumaa alihesabiwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, akaingia. Aliyenunua Jumatatu aliingia Alhamisi, daftari likiwa limeshafungwa, na gawio likabaki kwa aliyemuuzia. Tangu Mei 2024 Marekani wameshuka hadi siku 1. Soko la Nairobi limekuwa likitumia siku 3, kwa hiyo hesabu ya Microsoft ya mwaka 2004 inamfaa sana mnunuzi wa Nairobi.

Sasa bei. Mnunuzi wa Ijumaa alipata vitu viwili kwa pamoja: sehemu ya kampuni, na haki ya kupokea dola 3.08. Wa Jumatatu alipata sehemu ya kampuni tu. Hakuna mwenye akili timamu angelipa bei ileile kwa kitu kilichopungua. Kwa upande wa kampuni hali ni hiyohiyo: gawio maalumu peke yake lilimaanisha kutoa takriban dola bilioni 32, na fedha hizo zilikuwa sehemu ya thamani ya kila hisa. Ni kweli malipo yalifanyika tarehe 2 Desemba, lakini haki ya kuyapokea ilikuwa imeshatengana na hisa tangu tarehe 15 Novemba, na bei hufuata haki.

Hakuna ofisa wa soko anayeipunguza bei kwa amri. Wanunuzi na wauzaji ndio huipunguza, kwa kuwa wote wanaijua tarehe.

Lakini bei ilishuka kwa dola 2.58, si 3.08. Sababu moja kubwa ni kodi. Wakati huo mwekezaji wa Marekani aliyeshika hisa kwa muda wa kutosha alikatwa hadi asilimia 15 ya gawio, akabaki na kama dola 2.62. Namba hizo mbili zinakaribiana sana, ingawa siku moja haitoshi kuthibitisha, maana habari nyingine nazo husukuma bei siku hiyohiyo. Mwaka 1970 Edwin Elton na Martin Gruber walichapisha uchunguzi wa soko la New York la miaka ya 1966 na 1967, wakakuta kwamba kwa wastani bei ilishuka kwa karibu asilimia 78 ya gawio. Nao walielekeza kidole kwa kodi.

Pengo hilo dogo huwavutia watu kununua kabla ya tarehe, kuchukua gawio, kisha kuuza. Tufanye hesabu kwa gawio la mwisho la Safaricom la mwaka ulioishia Machi 2024, senti 65 kwa hisa. Mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5, anabaki na senti 61.75. Tuseme hisa imenunuliwa kwa shilingi 17, na bei ikashuka kwa senti 60 tu. Faida ni senti 1.75. Kamisheni ya dalali ikiwa asilimia 1.5 kila upande, kununua na kuuza kutamgharimu karibu senti 50. Amepoteza, na gawio lenyewe bado hajalipwa.

Gawio dogo namna hii pia ni vigumu kuliona kwenye bei, kwa sababu hisa inaweza kupanda au kushuka kiasi hicho siku yoyote ile. Anayetaka kulitafuta kwenye rekodi za zamani awe mwangalifu: tovuti nyingi hupunguza bei zote za kabla ya tarehe hiyo ili mchoro usionyeshe shimo. Bei halisi ya siku huwa chini ya safu ya `Close`, na iliyorekebishwa chini ya `Adj Close`.